Picha Mia Tatu za Ikisiri: Mada Tunaitoa Wapi?

Wateja wengi wa huduma hii hutuletea folda moja iliyojaa picha. Wameshinda maktaba siku mbili tatu wakipiga kwa simu ukurasa wa ikisiri wa kila tasnifu iliyowavutia, na sasa wana picha mia tatu zinazoitwa IMG_2041, IMG_2042 na kuendelea. Huwezi kujua ipi inahusu nini mpaka uifungue. Wanachoomba ni maneno muhimu manne au matano kwa kila ikisiri, mstari mmoja wa mada, kisha kila picha iwekwe kwenye folda yake.

Mteja mmoja alituuliza swali zuri: kwa nini tusiiachie kompyuta isome picha, ihesabu maneno yanayojirudia, na yale yanayoongoza yawe ndiyo maneno muhimu? Tulimjibu kwa kumfungulia picha moja katika zake mwenyewe.

Ikisiri hiyo ilianza kwa sentensi tatu kuhusu shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Sentensi ya nne ndiyo iliyosema: “Utafiti huu ulilenga kubaini uhusiano kati ya zamu za usiku na muda wa usingizi wa wauguzi.” Baada ya hapo ikaeleza dodoso, idadi ya walioshiriki na matokeo, kisha mwishoni ikarudi kwenye shinikizo la damu kama jambo la kufanyiwa utafiti siku zijazo. Ukihesabu maneno, “shinikizo la damu” linatokea mara nne na “zamu” mara tatu. Kwa hesabu hiyo picha ingekwenda kwenye folda ya magonjwa ya moyo, na mteja aliyekuwa akiandika kuhusu mazingira ya kazi asingeiona tena.

Picha nayo ilikuwa imezidisha tatizo. Ukurasa ulikuwa umejikunja karibu na mshono wa kitabu, na programu ya kusoma maandishi ilipofika hapo ikasoma “zarnu” badala ya “zamu” mara mbili. Herufi m ikififia kidogo juu, huonekana kama r na n zilizobanana. Neno “wauguzi” nalo lilikatwa mwishoni mwa mstari, likawa “wau-” na “guzi”. Kwa hiyo “zamu”, neno lililokuwa kiini cha utafiti, lilibaki na hesabu ya moja tu, na kompyuta haikuonyesha dalili yoyote kwamba kuna kosa.

Ndiyo maana sisi hatuanzi kwa kuhesabu. Tunaanza kwa kutafuta sentensi ya lengo. Katika ikisiri nyingi haijifichi: hubeba vitenzi kama ulilenga, ulichunguza, ulikusudia, ulitathmini. Sentensi zinazotangulia ni usuli, yaani sababu ya mtu kuhangaikia jambo hilo, na ndizo hasa zinazopotosha. Maneno muhimu tunayachota kwanza kwenye lengo, halafu kwenye mbinu na walengwa. Kwa picha ile tuliandika: wauguzi, zamu za usiku, usingizi, dodoso. Mstari wa mada ukawa: “Uhusiano wa zamu za usiku na muda wa usingizi wa wauguzi.”

Utaona kwamba mstari huo hautaji matokeo, na tunafanya hivyo kwa makusudi. Katika Kiswahili ukanushi mara nyingi hukaa kwenye silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Kivuli cha mkono kikifunika “ha” katika “hauathiri”, unabaki na “uathiri”, na msomaji mwenye haraka atasahihisha kuwa “unaathiri”. Maana imepinduka kabisa. Swali la utafiti, hata hivyo, linabaki lilelile matokeo yawe ndiyo au hapana, na folda inahitaji swali. Atakayetaka jibu atafungua picha.

Programu ya kusoma maandishi tunaitumia bado, kwa sababu inatuwezesha kutafuta ndani ya picha zote kwa pamoja baadaye. Ukitaka kujaribu mwenyewe, Tesseract ni ya bure na inasoma Kiswahili ukishaisakinishia faili la lugha hiyo:

```
tesseract IMG_2041.jpg IMG_2041 -l swa+eng
```

Maandishi yatatokea kwenye faili la IMG_2041.txt. Lugha mbili tumeziweka kwa sababu tasnifu nyingi huchanganya istilahi. Ukurasa ukiwa na safu mbili, soma matokeo kwa jicho kali: wakati mwingine programu huvuka kutoka safu moja kwenda nyingine, ukapata sentensi inayoonekana nzima kumbe imeungwa kutoka aya mbili tofauti.

Hatua inayochukua muda wetu mwingi zaidi ni kuyaoanisha maneno. Muuguzi, wauguzi, uuguzi na nesi ni maneno manne kwa kompyuta. Yakiachwa hivyo, ukitafuta “wauguzi” utapata nusu ya picha zako na utaamini umezipata zote. Kwa hiyo tunaweka orodha moja ya maneno yanayokubalika. Watu tunawaandika kwa wingi, jambo lenye majina mawili linachaguliwa jina moja, na lile lililoachwa linaandikwa pembeni ili ijulikane limeelekezwa wapi. Uuguzi tunauacha peke yake, maana fani na watu wake si kitu kimoja. Maneno kama “utafiti”, “matokeo” na “wahojiwa” hayaingii kabisa. Yamo karibu katika kila ikisiri, na neno lililomo kila mahali halitenganishi chochote.

Folda tunazipanga mwishoni. Wateja hutushangaa kwa hili, kwa kuwa wengi huja na majina ya folda tayari. Tunawaomba wasubiri mpaka tuwe na mistari ya mada kama arobaini, tuitandaze kwenye jedwali, tuone inavyojikusanya yenyewe. Folda yenye picha mbili tunaiunganisha na jirani yake. “Mengineyo” ikianza kufura, tunajua kuna mada hatujaipa jina. Picha moja inakaa kwenye folda moja tu. Tukinakili picha ileile kwenye folda tatu, utakuja kuihesabu kama tasnifu tatu. Inayogusa mada mbili inawekwa kufuata sentensi ya lengo, na mada ya pili inabaki kwenye maneno muhimu, ambako utaipata kwa kutafuta.

Ile picha ya wauguzi iliingia “Mazingira ya kazi”. Kwa mteja mwingine, anayekusanya tafiti za usingizi, tungeiweka kwingine bila kubadilisha hata neno moja la mada. Kwa hiyo kabla hatujaanza tunakuuliza unaandika kuhusu nini.

Kuna picha tunazozirudisha. Ikisiri isiyo na sentensi ya lengo tunaiwekea alama ya mashaka kwenye jedwali, na mada tunaiandika kwa kufuata kichwa cha tasnifu. Kama nacho kimekatwa kwenye picha, hatubuni. Ikisiri iliyoendelea ukurasa wa pili ambao hukuupiga nayo tunakuambia, ingawa mara nyingi lengo huwa limeshapatikana kwenye ule wa kwanza.

Ukienda kupiga nyingine, lalisha kitabu, bonyeza ukurasa karibu na mshono kwa kidole bila kufunika maandishi, na simama upande ambao kivuli chako hakiangukii karatasi. Anza na ukurasa wa kichwa, kisha ikisiri, tasnifu moja baada ya nyingine. Usibadilishe majina ya picha kabla ya kututumia, kwa sababu namba za simu yako ndizo zinazotuonyesha kichwa kipi kinaendana na ikisiri ipi.