Hiyo 3.5 yako inawezekana, ila tazama hesabu

Shosti mambo,

Picha za matokeo nimezipata, zote nne, na jana usiku nilikaa nazo na kikokoteo cha simu mpaka macho yakauma. Kwanza acha kuniuliza "nikipata 4 semista hii nitafika 3.5 ya apa sekondi?" maana hilo swali halijibiki hivyo, inabidi tuanze na pointi, sio GPA.

Ile 3.2 unayoiona kwenye mfumo imeshakatwa, inaficha mambo. Mi nimechukua kila kozi, yuniti zake mara uzito wa gredi, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, nikajumlisha zote. Umepata pointi 782 kwa yuniti 240. Gawanya hapo unapata 3.258, sio 3.2 kavu. Unaona ndogo eti, lakini ukitumia 3.2 utajihesabia pointi 768 na utakuwa umejidhulumu pointi 14 bure kabisa, hizo ni karibu kozi mbili za yuniti 8 kupanda gredi moja moja. Na usijumlishe GPA za semista ukagawa kwa nne kama alivyokuambia yule dada wa hosteli, yuniti zako hazilingani kila semista, jibu litakuwa la uongo.

Sasa digrii yenu ni yuniti 360, zimebaki 120. Ili ufike 3.5 unahitaji pointi 1260 jumla, umeshakuwa na 782, kwahiyo zinatakiwa 478 kwenye hizo yuniti 120:

```
(3.5 × 360 − 782) ÷ 120 = 3.98
```

Yaani mwaka wa tatu wote upige wastani wa B+. Ukipata B+ tupu kila kozi unapata 480, umevuka kwa pointi mbili tu, hakuna nafasi ya kuchezea. B moja kwenye kozi ya yuniti 8 inakuchukulia pointi 8, lazima uifidie na A kwenye kozi nyingine ya yuniti 8. Ndo maana nakwambia risechi ile ya yuniti 12 usiichukulie poa kama wenzako wanavyofanya wakati wa bumu, A na B pale zinatofautiana pointi 24 nzima. Na sapu ndo usiseme, ukisapu ukafaulu kwa kawaida unawekewa C hata ungepata 80, kwahiyo kozi ya yuniti 8 inakuacha chini pointi 16, unatafuta A mbili za kuziba shimo moja.

Nimekupigia na semista kwa semista, tuseme yuniti 60 hii na 60 ya mwisho. Semista ya tano ukitoka na 3.6 una pointi 216, ya sita itataka 4.37, ngumu ila watu wanapiga. Ukitoka na 3.0, ya sita inataka 4.97, hapo ni A karibu kila kitu, mi singeweka matumaini. Chini ya 2.97 hata ukipata A zote za dunia hufiki. Kwahiyo matokeo ya semista hii yakitoka rudia hesabu upya hapohapo na namba mpya, usisubiri mwisho wa mwaka.

Kuna kitu kimoja uulize ofisi ya mitihani, au soma kanuni zenu mwenyewe: mfumo unakata kama tulivyoona, ila GPA ya mwisho chuo kinakata au kinakadiria? Kama kinakata, 3.49 inaandikwa 3.4 na wewe ni loa sekondi, basi. Kama kinakadiria, 3.45 tayari inasomeka 3.5, yaani pointi 1242 zinatosha, na wastani unaohitaji unashuka mpaka 3.83. Hiyo ni pumzi ya pointi 18. Ila usijipe moyo kabla hujaona kwa maandishi, na waulize pia kama fildi inaingia kwenye GPA, maana kama haiingii yuniti za kugawia zinabadilika na haya yote narudia.

Na ile ndoto ya kubaki chuoni kama tyutoriali asistenti na 3.8, nimeipigia pia, inataka 4.88 mwaka mzima. Fasti klasi ndo haipo kabisa, inatoka 6.68 na A mwisho wake 5 haha. Twende na apa sekondi.

Nitumie orodha ya kozi za semista hii na yuniti zake, na kosiweki ulizopata mpaka sasa, nikuonyeshe ipi ya kukomaa nayo kwanza. Usinitumie picha yenye ukungu kama ile ya semista ya pili, ile C niliisoma mara tatu nikidhani ni B.

Wako,
Mwana wa hesabu