Daftari la mafuta lisomwe na kikokotoo mkononi

Ndugu Mhariri,

Mkaguzi anayepanda meli Mombasa au Dar es Salaam ni nadra kukuta doa la mafuta majini. Anachokikuta ni daftari la mafuta, ambamo meli huandika inavyoshughulikia mafuta machafu na tope lake, na mara nyingi huishia kutazama kama saini zimekamilika. Naomba lipigiwe hesabu.

Mkataba wa Marpol, ule wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, unairuhusu meli ya tani jumla 400 au zaidi kutoa maji ya bilji, yaani maji yenye mafuta yanayokusanyika chini kabisa ya chumba cha injini, ikiwa safarini tu, yakiwa yamepita kwenye mtambo wa kuchuja, na mafuta yaliyosalia yasizidi sehemu 15 kwa milioni, bila kuyazimua. Tope linalobaki baada ya kusafisha mafuta mazito ni jambo jingine. Hilo halimwagwi baharini: huchomwa kwenye tanuri la meli au hukabidhiwa bandarini kwa risiti.

Tuchukue meli inayochoma tani 20 za mafuta mazito kwa siku. Siku 30 ni tani 600. Kanuni ya kukadiria ukubwa wa tangi la tope hutumia 1.5% kwa mafuta yanayosafishwa melini, kwa hiyo tutegemee takriban mita za ujazo 9. Daftari likionyesha 2 tu, zile 7 ziko wapi? Mafuta mazuri hutoa tope kidogo, hivyo pengo peke yake halimtii mtu hatiani. Linampeleka mkaguzi chumba cha injini.

Huko atazame boliti za bomba la kutolea maji nje: rangi iliyokwanguliwa kwa spana huonyesha kwamba limefunguliwa karibuni. Afungue kipande cha bomba baada ya mtambo; ndani hapatakiwi kuwa na utando mweusi. Kisha aombe mtambo uwashwe mbele yake, huku valvu ya maji safi ya kusafishia kipimo cha mafuta imefungwa. Ikiachwa wazi, kipimo husoma maji hayo safi na kuonyesha 2 au 3 siku zote. Hila ya zamani, ila bado inapita.

Mara nyingi chanzo ni sabuni. Wakiosha sakafu ya injini kwa sabuni kali, mafuta hukatika matone madogo mno yasiyoelea, chujio huziba, kengele hulia, ndipo mtu hutafuta bomba la pembeni la kuukwepa mtambo. Maji hayo yanahitaji kutulia kwanza tangini.

Kwa takataka, plastiki haitupwi popote, hata kamba ya nailoni. Mabaki ya chakula yaliyosagwa kupita tundu la milimita 25 huanza kutupwa maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na yasiyosagwa maili 12. Maeneo maalumu yana masharti makali zaidi. Tangu Mei 2024 daftari la takataka linahitajika kuanzia tani jumla 100 kwa meli ziendazo nchi nyingine, kwa hiyo hata kile chombo kidogo cha mizigo cha Mombasa na Zanzibar kiulizwe.

Mhandisi wa meli, Mombasa