Barua kwa shoga yangu wa Muheza

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Juzi nilikuwa napanga kabati nikalikuta daftari letu la nyimbo za kwaya, lile la jalada la bluu ulilolichora ua. Wimbo wa mwisho niliouandika una tarehe ya Jumanne, 14 Machi 2023. Nota zimekatikia katikati ya ubeti wa pili. Nakumbuka kwa nini: simu iliita, mume wangu yuko getini mwa kanisa, twende tukale. Nikafunga daftari na mwalimu bado anatufundisha sauti ya pili. Uliniangalia, hukusema kitu.

Nataka nikueleze ilivyokwenda, kwa sababu najua wengi mlidhani nimekatazwa. Sikukatazwa. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini jioni, akiniona navaa viatu anauliza, "Leo tena?" Basi. Nikaanza kuondoka mazoezini mapema. Kisha nikawa nachelewa, kisha nikakosa Jumanne mbili mfululizo, na niliporudi ule ubeti wangu wa peke yangu alikuwa amepewa mwingine. Mwalimu alifanya haki kabisa. Lakini nilitoka pale na aibu, na nakuambia ukweli, kilichoniweka nyumbani miezi yote iliyofuata ilikuwa ile aibu kuliko mume. Kila wiki iliyopita iliongeza maelezo ambayo ningepaswa kuyatoa, mpaka yakawa mengi, nikaona heri nisionekane.

Na ninyi niliwapoteza hivyo hivyo. Ulipiga mara tatu jioni moja, tulikuwa tunaangalia mpira, nikaigeuza simu kifudifudi. Nikasema moyoni nitampigia kesho. Kesho nikaona vibaya kupiga bila sababu nzuri ya jana.

Nilishtuka siku moja tu, kwenye kibanda cha chipsi na mishikaki. Kijana akaniuliza, "Dada, pilipili?" Nikageuka kumtazama mwenzangu, nikangoja ajibu. Mimi, unayenijua, ninayetafuna pilipili mbichi na ugali! Yeye hapendi, kwa hiyo nyumbani hatuweki, na nilikuwa nimezoea kusema "sisi hatupendi pilipili", "sisi hatuendi mbali Jumamosi", "sisi tunalala mapema". Nilijaribu usiku ule kutafuta jambo ninalolipenda mimi peke yangu mwaka ule. Sikulipata. Nililia chooni, maji yakiwa wazi bombani.

Sasa lile lililo zito. Mama yako alipofariki nilikutumia elfu thelathini na ujumbe wa pole. Kutoka hapa mpaka Muheza ni basi moja, ukipanda asubuhi mchana umefika. Sikuja kwa sababu mume wangu alikuwa safarini na "hatukuwa tumepanga". Mama aliyenipa chumba chake nilipokuwa nimefukuzwa kwa kodi, nikaacha azikwe bila mimi. Hilo halina mtu mwingine wa kulibeba.

Mwezi uliopita nilimwambia mezani, bila kuomba: Jumanne na Alhamisi sitakuwepo, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, nimerudi kwaya. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilidhani umeichoka mwenyewe." Miaka yote miwili, shoga yangu, alidhani nimeichoka, na mimi nilikuwa nikimpa zawadi ambayo hakuiomba. (Kuna wanaume ukiwaambia hivyo wanavunja simu au wanainua mkono. Huyo ni mwingine, huyo anaitiwa wazee. Wangu alinuna siku nne, akajifunza kupasha chakula.)

Nimekaa nyuma na wageni. Utaratibu ni miezi mitatu ya mazoezi kabla ya kuimba Jumapili, nimeupokea. Pumzi ni fupi, naikata katikati ya neno, na nota za juu nilizokuwa nazifikia nikicheka sasa zinanipasukia. Lakini Alhamisi iliyopita tulipoingia kwenye kiitikio niliisikia sauti yangu ikiwa yangu, ndani ya zile nyingine, nikatamani kukutafuta kwa macho pale ulipokuwa ukisimama, kushoto kwangu, karibu na dirisha.

Nataka kuja Jumamosi ya wiki ijayo, peke yangu. Usipike, na usijisikie unadaiwa kunichekea. Nataka kwenda kwa Mama. Kama bado hutaki kuniona nitaelewa. Niandikie tu njia kutoka stendi mpaka makaburini, nitauliza wenyeji, nitamwekea maua na nitarudi na basi la jioni.

Wako,
wa sauti ya pili