Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Pointi 4 Zilizozidi Soko Zilitoka Wapi?

Ndugu wanachama,

Mwaka huu mfuko wetu umepata faida ya asilimia 19 kabla ya ada, na soko la hisa asilimia 15. Mengine yamo kwenye ripoti ya mhazini. Mimi nakaa kwenye hizo pointi 4, maana mkataba unampa meneja wa mfuko asilimia 20 ya kila kinachozidi soko. Tumemlipa pointi 0.8.

Kamati ilichukua faida za kila mwezi za miaka 5, za mfuko na za soko, ikatoa katika kila mojawapo riba ya dhamana za serikali za muda mfupi, kisha ikapima jinsi mfuko unavyofuata soko. Beta yetu ni 1.3. Soko likiizidi riba kwa pointi 10, sisi kwa kawaida tunaizidi kwa 13; likianguka, tunaumia kwa kipimo hichohicho. Haishangazi, kwani meneja amejaza hisa za benki na za ujenzi, ambazo huyumba kuliko nyingine.

Riba mwaka huu ilikuwa asilimia 5, kwa hiyo soko liliizidi kwa 10. Zidisha kwa 1.3, ongeza 5, unapata 18. Faida hiyo haihitaji ujuzi wa kuchagua hisa. Mwenye shilingi 100 angekopa 30 kwa riba hiyo ya asilimia 5 na kununua mfuko unaofuata faharisi ya soko zima la hisa: 130 zingezaa 19.5, angelipa riba 1.5, akabaki na 18. (Kweli, mkopo wa namna hiyo ni nadra kuwa rahisi hivyo.) Alfa, yaani kilichobaki baada ya soko kuchukua chake, ni pointi 1. Ukitoa ada, tumebakiwa na 0.2.

Hata hiyo 1 si ushahidi wa ujuzi. Sehemu ya faida yetu isiyotokana na soko hupanda na kushuka kwa takriban pointi 5 kwa mwaka, basi alfa ndogo hivyo ingehitaji kama miaka 100 kutofautishwa na bahati. Mwaka 1968 Michael Jensen alichapisha utafiti wa mifuko 115 ya Marekani. Baada ya gharama, wastani wa alfa ulikuwa chini ya sifuri.

Tahadhari moja: faharisi tuliyotumia inajumlisha gawio. Inayotangazwa kwenye habari mara nyingi haijumlishi, na ukilinganisha nayo, meneja yeyote anaonekana hodari.

Kamati inapendekeza ada ya ziada ihesabiwe juu ya kipimo kilichorekebishwa kwa beta. Kwa mwaka huu ingekuwa pointi 0.2. Meneja ameshaarifiwa na hajakubali; kura itapigwa kwenye mkutano mkuu.

Mwenyekiti