Barua kwa vijana wa ufuatiliaji na tathmini: msinionyeshe asilimia kabla ya foleni

Wanangu, na nawaita wanangu kwa sababu kazi mnayoifanya leo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu, nimekaa na hasira tangu nihudhurie kikao kimoja cha tathmini ya robo mwaka nilikoalikwa kama mgeni. Idara moja imesimama pale, slaidi ya kijani tupu, maombi ya wananchi yanajibiwa ndani ya siku 14 kwa asilimia 100, ukumbi ukapiga makofi. Nikauliza swali moja tu, yaliyobaki mezani ni mangapi, na la zamani kuliko yote lina muda gani? Hakuna aliyejua. Siyo kwamba walificha, hapana, walikuwa hawajui kabisa kwa sababu fomu ya ripoti haiulizi hilo, na kijana aliyeijaza ni mzuri, ana digrii, anachapa kazi. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa tulieni niwaeleze kinachotokea, maana wengi mnadhani kuchakachua ni kufuta namba na kuandika nyingine. Mara nyingi hakuna namba ya uongo hata moja.

Chukueni ofisi yenye uwezo wa kumaliza mafaili 100 kwa mwezi. Kila mwezi yanaingia mapya 100, na kuna mengine 100 yamelundikana toka zamani, yote yameshapita siku 14. Tageti inasema hivi: kati ya mafaili yaliyofungwa mwezi huu, asilimia 90 yawe yamefungwa ndani ya siku 14. Mkuu wa kwanza ni mtu wa haki, anafuata foleni, aliyetangulia kuja anatangulia kuhudumiwa. Mwezi mzima anamaliza yale 100 ya zamani, mapya yanasubiri zamu, na mwezi unaofuata hivyo hivyo, kwa hiyo kila mwananchi anajibiwa baada ya kama mwezi mmoja. Alama yake ni ngapi? Sifuri. Hakuna faili hata moja lililofungwa ndani ya siku 14. Mkuu wa pili anayaacha yale ya zamani kabatini, anashika mapya tu yanapoingia, anayafunga fasta. Alama yake asilimia 100. Wafanyakazi ni wale wale, mafaili yaliyofanyiwa kazi ni 100 kwa 100, foleni iliyobaki ni 100 kwa 100, ila kwa huyu wa pili kuna watu 100 ambao hawatajibiwa milele, kwa sababu kila akiligusa faili la mmoja wao anajishusha alama. Kipimo chenyewe kimemwambia awatelekeze. Na bonasi anapewa yeye, yule wa haki anaandikiwa barua ya kujieleza.

Msidhani nimejitungia. Uingereza walikuwa na tageti ya wiki 18 kwa matibabu ya kupangiwa tarehe, mgonjwa akipewa rufaa basi matibabu yaanze ndani ya wiki hizo. Kimojawapo cha vipimo kilihesabu waliolazwa kwa matibabu, asilimia 90 wawe wamesubiri chini ya wiki 18. Hospitali ikimlaza mtu aliyesubiri wiki 30 ikawa inajiumiza yenyewe, hata kama ndiyo mgonjwa aliyeteseka zaidi. Mwaka 2015 Sir Bruce Keogh, aliyekuwa mkurugenzi wa tiba wa NHS England, chombo kilichosimamia huduma za afya za umma kule, akashauri vipimo vya waliokwisha kuhudumiwa viondolewe, na vikaondolewa, kikabaki kile kinachowaangalia walio bado kwenye foleni: asilimia 92 yao wawe chini ya wiki 18. Mwone tofauti hapo. Ukipima walio bado kwenye foleni, aliyesahaulika anakushusha kila siku mpaka umhudumie. Ukipima waliokwisha toka, aliyesahaulika haonekani popote.

Kwa hiyo kwenye ile ofisi yangu ya mfano ombeni vitu viwili tu, idadi ya wanaosubiri na umri wa faili la zamani kuliko yote. Kwa yule mkuu wa haki faili la zamani litakuwa na kama mwezi mmoja kila ukiangalia. Kwa yule mwingine litakuwa na miezi miwili, mitatu, minne, linazeeka tu. Hapo huhitaji mtu kukwambia, umeshamwona.

Na hata hicho kipimo cha foleni kina mlango wake wa nyuma, mtu anaweza kumzuia mwananchi asiingie kwenye foleni yenyewe. Marekani mwaka 2014, kwenye hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, za Phoenix, mkaguzi alikuta maveterani wapatao 1,700 wanasubiri kumwona daktari lakini majina yao hayamo kwenye orodha rasmi. Tageti ilikuwa siku 14, na tathmini za kazi za wakubwa zilitegemea tageti hiyo. Waziri wa maveterani, Eric Shinseki, akajiuzulu mwezi Mei mwaka ule. Huko kwetu kwenye maofisi mlango huo mnaujua, "nyaraka hazijakamilika, kalete upya", na saa inaanza kuhesabu mwanzo.

Mengine nayataja tu. Chora idadi ya mafaili kwa siku yaliyochukua mpaka kufungwa, ukikuta mlima siku ya 13 na 14 halafu bonde siku ya 15, uliza. Magari ya wagonjwa Uingereza yalitakiwa yafike kwenye dharura kubwa ndani ya dakika 8, na baadhi ya maeneo yakaonyesha mlima wa namna hiyo hiyo kwenye dakika ya 8. Lakini mlima peke yake siyo ushahidi wa wizi, watu kweli hukimbizana na muda, kwa hiyo chota mafaili machache bila kuchagua na umpigie mwombaji simu, umuulize alileta lini na alijibiwa lini. Na anayerekodi muda asiwe ndiye anayelipwa kwa muda huo.

Wala simaanishi tutupe tageti, nisieleweke vibaya. Ile ya Uingereza ya kummaliza mgonjwa ndani ya masaa manne kwenye idara za dharura ilipunguza kweli watu kukaa masaa kwenye viti, ingawa pia palitokea magari kusubiri nje na wagonjwa ndani yake, kwa kuwa saa ilianza mgonjwa akipokelewa. Yote mawili yalitokea pamoja, na ninyi kazi yenu ni kuyaona yote mawili.

Na mabosi mnaosoma hii, samahani nawaambia kama mzee wenu, hawa vijana tumewaharibu sisi. Mtu akileta nyekundu ya kweli tunamfokea mbele za watu, akileta kijani hatuulizi imetoka wapi. Wananchi nao tunasoma asilimia gazetini tunaridhika, wakati jirani yetu ana barua ya mwaka juzi haijajibiwa. Kijana wa miaka 26 mwenye mkataba wa mwaka mmoja unategemea afanyeje?

Wanangu, kabla ya ripoti ya robo hii kupanda juu, toeni kwenye sistimu orodha ya maombi yote ambayo hayajafungwa, ipangeni kwa tarehe ya kupokelewa, ya zamani juu. Chukueni kumi ya kwanza, fungueni moja moja, andikeni pembeni kwa nini lipo. Sehemu nyingi mtakuta sababu tatu nne zinajirudia, saini ya mtu fulani, faili limehamia idara nyingine halikurudi, mwombaji aliambiwa arudi hakurudi. Ukurasa huo mmoja uambatanisheni nyuma ya slaidi ya kijani, na mkiulizwa nani kaagiza, semeni ni mimi.