Shukrani kwa Mwalimu wa Darasa la Usiku

Baba yangu, mzee anayejifunza kusoma katika darasa la usiku, aliitafuta kwa miaka zaburi aliyoikariri marehemu mama yake, akikumbuka tu kwamba ilitaja mchana, usiku na mwezi. Mwalimu wake alibaki naye baada ya kipindi, akafungua kwanza Zaburi ya 91, yenye hofu ya usiku na mshale wa mchana lakini isiyo na mwezi, kisha akalifuata neno hilo katika itifaki ya Biblia, kitabu kinachoonyesha kila neno liko mstari gani, hadi Zaburi ya 121, mstari wa 6. Hakumsomea, alimwandikia mistari yote 8 kwa herufi kubwa, akamngoja aisome mwenyewe. Baba alipoufikia mwezi, alinyamaza kitambo. Mwalimu, ahsante sana.