Tangazo linabofywa, oda haziji: tuangalie ukurasa unaompokea mteja

Wafanyabiashara wengi wanaotujia kutengenezewa tovuti wana lalamiko moja: nimesponsa video Instagram, watu wanabofya kweli, lakini oda hakuna. Tukiigusa linki ya tangazo lao tunatua kwenye ukurasa wa mwanzo wa duka zima. Mtu ameona video ya jiko la presha la umeme likiivisha maharage, kavutika, kabofya, halafu anakutana na feni, pasi, blenda na bango la "Karibu sana dukani kwetu". Jiko lenyewe liko huko chini, akibahatika kufika.

Hatalitafuta. Mtu aliyeandika Google "jiko la presha bei" ametoka na nia yake, atavumilia kupekuapekua. Huyu wa Instagram hakuwa na mpango wa kununua chochote; alikuwa anaangalia picha za harusi ya rafiki yake, video yako ikampitia. Akigusa kitufe cha kurudi nyuma mara moja tu, yuko tena harusini. Ndiyo maana kwa matangazo ya kulipia tunatengeneza ukurasa wa pekee wenye bidhaa moja, usio na menyu wala linki za kumpeleka kwingine, unaoendelea pale pale video ilipoishia.

Kuendelea pale pale tunamaanisha hivyo hivyo. Kama video ilionyesha jiko jeusi la lita 6, picha ya kwanza ya ukurasa iwe jiko jeusi la lita 6, wala isiwe lile la rangi ya fedha kwa sababu tu picha yake ilitoka vizuri. Kama tangazo lilitaja shilingi 145,000, bei hiyo ionekane kabla mtu hajasogeza kidole. Na ile tabia ya "bei njoo inbox" ukurasa huu hauitaki kabisa. Ukificha bei baada ya mtu kubofya, utapokea meseji nyingi za "bei gani?" na utazijibu mpaka usiku, wakati wengi wa waliouliza hawakuwa na hela hiyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo skrini ya kwanza kwa jiko letu la mfano ina mambo machache tu: picha, kichwa kinachosema "Jiko la presha la umeme, lita 6", bei, mstari mmoja wa "Dar unalipa ukipokea mzigo", na kitufe cha kuagiza ambacho kinabaki chini ya skrini hata mtu akishuka. Video ya tangazo hatuirudishi hapo juu. Ameshaiona, na kuirudia ni kumlia bando lake bure.

Chini ya hapo tunajibu maswali yake kwa mpangilio ambao mnunuzi mwenyewe huuliza. Namna nzuri ya kuyapata ni kusoma maoni yaliyo chini ya tangazo na meseji za WhatsApp za nyuma. Kwa jiko la presha, swali linalotangulia karibu kila mara ni "linakula umeme kiasi gani?" Wauzaji wengi hujibu "halitumii umeme mwingi", jibu lisilomsaidia mtu anayenunua LUKU kidogo kidogo. Jibu zuri liko kwenye kibandiko cha jiko lenyewe. Kama kimeandikwa wati 1000, basi hata likivuta umeme kwa nguvu zote saa nzima bila kupumzika, litatumia uniti moja. Kwa kawaida halifiki huko, maana likishapanda presha hujizima na kujiwasha lenyewe. Sentensi mbili kama hizo, pamoja na picha ya kibandiko iliyopigwa kwa karibu, zinauza kuliko aya nzima ya sifa.

Swali la pili ni "kama mbovu je?" Hapo andika muda wa waranti na nani anabeba gharama ya kurudisha jiko. La tatu ni "mko wapi?" Weka mtaa, jina la jengo na picha ya mlango wa duka, hata kama humtarajii mteja aje. Watu wametapeliwa mitandaoni mara nyingi, na ukurasa usio na sehemu wala sura unafanana na wa tapeli. Kwa sababu hiyo hiyo hatuweki zile saa zinazohesabu "ofa inaisha baada ya dakika 10" ambazo ukifungua ukurasa upya zinaanza tena kumi. Mteja mmoja akishtukia, atakuandika kwenye maoni ya tangazo unalolilipia mwenyewe.

Sasa tufike kwenye kuagiza, maana hapa ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu akigusa tangazo ndani ya Instagram au Facebook, kwa kawaida ukurasa haufunguki kwenye Chrome yake. Unafunguka kwenye kivinjari kidogo kilicho ndani ya programu hiyo hiyo. Humo majina na namba alizohifadhi Chrome mara nyingi hazijijazi zenyewe, na akitoka kidogo kusoma SMS ya salio, akirudi anaweza kukuta ukurasa umejipakia upya na fomu yote imefutika. Mtu aliyejaza nafasi tisa hatajaza tena.

Sisi fomu tunaiwekea nafasi nne: jina, namba ya simu, eneo, idadi. Barua pepe ya nini, kama utampigia? Namba ya kitambulisho usiombe kabisa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kila taarifa ya mteja unayoikusanya ni jukumu lako kuitunza. Alichokwisha kuandika tunakihifadhi kwenye simu yake mwenyewe, ili ukurasa ukijipakia upya akikute. Nafasi ya simu tunaifanya ifungue kibodi ya namba, na ikubali 07, 06, au 255 bila kumgombeza.

Pembeni ya fomu tunaweka kitufe cha WhatsApp kwa wanaopenda kuongea kwanza. Linki yake inaandikwa hivi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nahitaji%20jiko%20la%20lita%206
```

Namba inaanza na 255, haina alama ya kujumlisha, na ile sifuri ya mwanzo inaondoka. Tunakutana mara kwa mara na kurasa zilizoandikwa 2550 na kuendelea; kitufe kinaonekana kizima, mteja anakigusa, WhatsApp inamwambia namba haipo. Mwenye duka hajui, kwa sababu yeye hajawahi kujigusia kitufe chake.

Jambo jingine linaloua oda ni uzito wa ukurasa. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa megabaiti 3 au 4, na ukiweka chache tu ukurasa unafika megabaiti 8. Kwenye mtandao wenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, huo ni mzigo wa sekunde 32. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 1080 hivi na kuhifadhiwa kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ukurasa mzima unaweza kushuka hadi kilobaiti 800, na kwa mtandao ule ule ni sekunde 3 na kidogo. Macho hayaoni tofauti kwenye skrini ya simu. Ukitaka kupima kama mteja wako anavyoona, jitumie linki kwenye DM ya Instagram, zima Wi-Fi ya ofisini, tumia simu ya bei ya kawaida yenye bando, kisha ifungue kutokea humo kwenye DM.

Utajuaje tatizo lako liko wapi kati ya hayo yote? Ads Manager ya Meta, pale unaposimamia matangazo yako ya Facebook na Instagram, inakuonyesha, mradi Pixel, kile kipande cha kodi cha Meta kinachofuatilia wanaofungua ukurasa, imewekwa kwenye ukurasa. Usitazame `Clicks (all)`, kwa kuwa ndani yake wamo hata waliogusa jina lako au kupenda posti. Tazama `Link clicks`, yaani waliogusa linki, na `Landing page views`, yaani ambao ukurasa uliwafungukia. Tuchukue mfano: umetumia shilingi 150,000, waliogusa linki 500, ukurasa ukafunguka kwa 210, oda 4. Kila mguso umekugharimu shilingi 300. Watu 290 umewalipia shilingi 87,000 na hawakuona kitu. Namba hizi mbili kwa kawaida hazilingani, maana wapo wanaogusa kwa bahati mbaya na kufunga haraka, lakini zaidi ya nusu kupotea njiani ni dalili ya ukurasa mzito au linki mbovu. Hapo kubadilisha maneno ya tangazo ni kupoteza muda.

Kama ukurasa ungefunguka kwa 430 na oda zikabaki 4, tatizo lingekuwa ndani: bei, picha isiyofanana na tangazo, au fomu. Na kama oda zinakuja 20 lakini wanaopokea mzigo ni 8, ukurasa umefanya kazi yake. Kinachokosekana ni simu ya kuhakikisha oda kabla bodaboda hajaondoka.

Ili Meta nayo ijue nani ameagiza, ukurasa wa "Asante, tumepokea oda yako" unabeba mstari huu:

```
fbq('track', 'Lead');
```

Tunatumia `Lead` badala ya `Purchase` kwa sababu kwenye malipo ya ukipokea mzigo bado hakuna hela iliyoingia. Kampeni nayo ielekezwe kutafuta tukio hilo. Ukiiacha itafute mibofyo, itakuletea watu wapenda kubofya.

Si kila biashara tunaishauri kuchukua ukurasa wa namna hii. Anayeuza magauni ya saizi na rangi nyingi, yanayobadilika kila wiki, ni bora tangazo lake lifungue WhatsApp moja kwa moja na awe na mtu wa kujibu. Vivyo hivyo anayeuza kitu cha kupatana bei, kama pikipiki iliyotumika. Ukurasa wa bidhaa moja unamfaa mwenye stoo ya kitu kimoja, bei isiyobadilika, na maswali yanayojirudia.

Kama ni wewe, ukija njoo na bidhaa yenyewe mkononi tuipige picha, tangazo ulilokwisha kurusha au unalotaka kurusha, orodha ya maeneo unayopeleka na nauli zake, Dar kwa bodaboda na mikoani kwa basi, na simu yenye meseji za wateja wako wa nyuma. Hizo meseji tutazisoma pamoja kabla ya kuandika neno lolote.